Mlima Unaokufuata: Historia Fupi ya Kuchora Umbali kwa Matabaka

Ukipita Maisaka kwa bodaboda, angalia kando. Mahindi na mbaazi za shamba lililo jirani na barabara zinakupita kwa kasi kiasi kwamba huwezi kuhesabu mashina. Nyumba za bati zilizo nyuma ya shamba zinapita taratibu. Miti iliyo nyuma ya nyumba inajivuta tu. Na Mlima Kwaraa je? Huo haupiti kabisa. Unakwenda na wewe. Ndiyo maana watoto wengi wakiwa safarini husema mlima unawafuata, na kwa kweli hawajakosea: jicho linapima umbali kwa kulinganisha kipi kinakimbia na kipi kinabaki.

Wataalamu wa macho na nyota wana jina la jambo hili, paralaksi. Wachoraji wa katuni wana kazi nalo kubwa zaidi ya jina. Wao wanatakiwa kuliigiza kwa rangi, juu ya karatasi isiyo na umbali wowote. Katika makala hii nataka kufuatilia namna walivyolifanikisha, kisha tulijaribu kwa mandhari ya hapa Maisaka kwa namba halisi, na mwisho nitetee hoja moja kuhusu uchoraji wetu wenyewe ambayo naona haisemwi vya kutosha.

Tuanze na tatizo. Katuni za mwanzo za sinema zilikuwa na mchoro mmoja wa mandhari, mrefu kama mkeka. Mhusika anatembea palepale, na mkeka unavutwa nyuma yake. Kama kwenye mkeka huo umechorwa ua, nyumba na mlima, vyote vinavutwa kwa mwendo mmoja. Jicho halidanganyiki. Linaona mara moja kwamba ua na mlima vimebandikwa kwenye kitambaa kimoja, na kitambaa ndicho kinachosogea. Mchoraji anaweza kuwa fundi wa hali ya juu, akachora mlima wenye ukungu mzuri na njia inayosinyaa kuelekea mbali, lakini kamera ikisogea tu ule umbali wote unaporomoka.

Mmoja wa watu wa kwanza kulitatua jambo hili kwa ukamilifu alikuwa Mjerumani, Lotte Reiniger, aliyeishi kati ya 1899 na 1981. Sinema yake ya Mwanamfalme Achmed ilioneshwa Berlin mwaka 1926, baada ya kazi ya takriban miaka mitatu. Wasomaji wa Kiswahili wana sababu ya kuijali, kwa sababu hadithi zake zimetoka katika mkusanyiko ule ambao sisi tunauita Alfu Lela Ulela: farasi anayeruka, mchawi, Aladini na taa yake. Reiniger aliifanya kazi hiyo Potsdam, katika chumba kilichokuwa juu ya gereji ya mfadhili wake, mtu wa benki. Wahusika wake walikuwa vivuli vyeusi vilivyokatwa kwa mkasi kutoka kwenye karatasi ngumu na bati jembamba la risasi, vyenye viungo vinavyokunjika.

Meza yake ilikuwa ya kioo. Taa zilikuwa chini, kamera ilikuwa juu ikiangalia chini. Juu ya kioo alipanga mandhari, na mandhari hiyo haikuwa rangi ya brashi bali karatasi laini zinazopitisha mwanga. Palipo na karatasi moja tu, mwanga unapita kwa wingi, na sehemu hiyo inaonekana nyeupe na ya mbali. Ukiongeza ya pili inakuwa kijivu. Ya tatu, ya nne, inakuwa nzito na kusogea karibu. Kisha kivuli cheusi cha mhusika kinakaa mbele ya vyote. Na pale alipohitaji mwendo wa kina zaidi, alitumia vioo kadhaa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine kwa nafasi, kila kimoja kikisogezwa kivyake.

Hebu tusimame hapa kidogo, maana hapa ndipo msingi wa kazi yote ulipo. Reiniger hakuchora mstari hata mmoja wa kuonesha umbali. Umbali wake umetengenezwa kwa vitu viwili tu: weupe unaoongezeka kadiri unavyokwenda mbali, na matabaka yanayosogea kwa mwendo tofauti. Kila tabaka lenyewe ni bapa, halina kina. Kina kiko katikati ya tabaka na tabaka.

Miaka michache baadaye wazo hilo lilifika kwenye mashine kubwa. Huko Marekani, Ub Iwerks alijitengenezea kamera ya matabaka katikati ya miaka ya 1930 akitumia vipuri vya gari kuukuu la Chevrolet. Kisha karakana ya Walt Disney, chini ya fundi William Garity, ikajenga mnara wa chuma wenye kimo cha karibu mita nne, kamera ikiwa kileleni na vioo hadi saba chini yake. Michoro ilipakwa kwa rangi ya mafuta moja kwa moja kwenye vioo. Kazi ya kwanza kuoneshwa ilikuwa katuni fupi ya 1937 kuhusu kinu cha zamani usiku wa dhoruba, halafu mwezi Desemba mwaka huohuo ikaja ile ndefu ya Theluji Nyeupe na vibete saba.

Disney mwenyewe alipoeleza mashine hii kwenye televisheni mwaka 1957, alitumia mfano wa mwezi, na sijaona mfano ulio wazi kuliko huo. Chukua mchoro mmoja wa nyumba ya shambani usiku, na mwezi juu yake. Sogeza kamera karibu na nyumba. Nyumba inakua, sawa. Lakini mwezi nao unakua! Hakuna mtu aliyewahi kutembea hatua kumi kuelekea nyumbani kwake akaona mwezi umevimba. Suluhisho ni kuuchora mwezi kwenye kioo chake na kuuacha ubaki na ukubwa uleule huku vioo vya mbele vikisogea.

Sasa tuilete Maisaka. Tuseme tunataka picha ya sekunde 8, kamera ikitembea kutoka kushoto kwenda kulia kandokando ya ua wa minyaa, nyuma yake nyumba yenye paa la bati, nyuma zaidi mstari wa miti, na mwisho kabisa Kwaraa na anga. Tunatumia kompyuta, kama karibu kila mtu leo. Fremu ina upana wa pikseli 1,920, na kila sekunde ina picha 24, kwa hiyo jumla ni picha 192.

Kanuni ni moja: kitu kilicho mbali mara mbili kinasogea nusu. Kilicho mbali mara nne kinasogea robo. Kwa hiyo kabla ya kugusa rangi, jiulize kila kitu kiko umbali gani kwa mita. Tuseme ua uko mita 5, nyumba mita 20, miti mita 100, na mlima kilomita 5. Ukiamua kwamba ua utasogea pikseli 1,200 katika sekunde hizo 8, vingine havikuombi maoni yako tena, vimeshajipanga. Nyumba ni robo, yaani 300. Miti ni sehemu moja ya ishirini, yaani 60. Na mlima ni sehemu moja ya elfu: pikseli 1 na kidogo. Kwa maana nyingine, mlima umesimama.

Hapa ndipo wengi wanapopotea, tena kwa kutumia akili ya kawaida. Wanagawa kwa hatua sawa: ua 1,200, nyumba 800, mlima 400. Kwenye karatasi inaonekana ni utaratibu mzuri. Kwenye skrini mlima unateleza kama sanduku la kadibodi, na mtazamaji anahisi kuna kitu hakiko sawa hata kama hawezi kukitaja. Kukipata ni rahisi. Mlima unaosogea theluthi ya mwendo wa ua ulio mita 5 ni mlima ulio mita 15 kutoka kwako. Umeutoa Kwaraa mahali pake ukauleta nyuma ya jiko la jirani, na ukubwa wake wote umekwisha. Ukiona katuni ambayo milima yake inaonekana kama midoli, mara nyingi kosa liko kwenye mwendo wake wala si kwenye mchoro.

Namba hizohizo zinakuambia uchore upana gani. Ua utasogea 1,200, kwa hiyo mchoro wake uwe na pikseli 1,920 ongeza 1,200, jumla 3,120. Nyumba inahitaji 2,220. Miti inahitaji 1,980. Mlima unatosha upana wa fremu yenyewe, ukiongeza kidogo kwa usalama. Yaani kitu kidogo kuliko vyote, minyaa ya uani, ndicho kinachokula turubai kubwa kuliko vyote. Anayeanza hufanya kinyume: anachora mlima mpana sana kwa sababu mlima ni mkubwa, kisha ua unakatika katikati ya picha na pembeni panabaki tupu.

Na kama kamera haitembei kando bali inaingia ndani? Kanuni ni ileile. Ukisogea mita 2 na nusu mbele, ua uliokuwa mita 5 unaonekana mara mbili ya ukubwa wake. Nyumba iliyokuwa mita 20 inaongezeka kama sehemu moja ya saba tu. Mlima haujui hata kama umesogea. Kwa hiyo minyaa itabidi ichorwe kwa ukubwa wa mwisho, si wa mwanzo, la sivyo itavimba na kuwa ukungu wa pikseli.

Baada ya namba ndipo inakuja brashi. Jambo la kwanza ni kuchora kisichoonekana. Mwanzoni mwa picha minyaa imefunika nusu ya mlango wa nyumba. Sekunde ya tano minyaa imeshapita, na mlango wote uko wazi. Kama hukuuchora, pale kuna shimo. Kwa hiyo kila tabaka linachorwa kamili kana kwamba la mbele yake halipo: ukuta unaendelea nyuma ya ua, shina la mti linashuka hadi ardhini nyuma ya nyumba. Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya kazi hii na kukata picha iliyokwisha kuchorwa. Ukikata mti kutoka kwenye picha moja, unabaki na mti na unabaki na kidonda.

Jambo la pili ni kivuli. Tuseme kuna mparachichi karibu na ua, na kivuli chake kinaanguka ukutani kwenye nyumba. Mti uko tabaka la karibu, ukuta uko tabaka la kati. Kamera ikitembea, mti unakwenda zake kwa pikseli 1,200, kivuli kinabaki kwenye ukuta kikijivuta kwa 300. Wawili hao wameachana mchana kweupe. Kusema ukweli hata katika maisha mti na kivuli chake cha mbali huonekana kuachana ukitembea, lakini shina la mti na sehemu ya chini ya kivuli chake haviachani kamwe. Hivyo sheria ni kwamba kivuli kinachoanzia kwenye shina kikae tabaka moja na shina, na kile kinachovuka kwenda tabaka jingine ukiepuke au ukifiche nyuma ya kichaka.

Ardhi nayo ni mtihani. Nyumba ni kitu kimoja chenye umbali mmoja, lakini njia inayotoka kwenye ua hadi mlangoni iko mita 5 na iko mita 20 kwa wakati mmoja. Utaiweka tabaka lipi? Ukiiweka tabaka la karibu, mwisho wake unateleza mbele ya mlango. Ukiiweka la kati, mwanzo wake unaachana na ua. Wachoraji wa zamani walifanya kitu rahisi: waliiepuka. Wanaweka mgongo wa ardhi, mstari wa nyasi au kiunga cha mawe, na nyuma ya mgongo huo tabaka jipya linaanza. Ukiangalia mandhari za katuni za miaka ile utaona vichaka vingi vinavyokaa mahali pa ajabu. Havikupandwa kwa ajili ya uzuri. Vinafunika mishono.

Rangi inafuata alichokifanya Reiniger kwa karatasi zake. Tabaka la karibu linakuwa la giza, lenye umbo wazi na mambo machache ndani, kwa sababu linapita haraka na kazi yake ni kuwa fremu. Tabaka la kati linabeba maelezo yote: mabati yenye kutu, kamba ya nguo, kuku, kwa sababu hapo ndipo hadithi ilipo. La mbali linapoteza tofauti ya mwanga na giza, linakuwa jepesi. Vitabu vingi vya uchoraji vinasema la mbali liwe bluu. Baada ya mvua, sawa. Lakini wakati wa kiangazi hewa ina vumbi, na mlima unaweza kuwa wa rangi ya chai ya maziwa kuliko bluu. Mchoraji atazame nje kwanza.

Kuna tatizo moja ambalo watu wa vioo hawakulijua na sisi tunalo. Miti yetu inasogea pikseli 60 katika picha 192, yaani chini ya theluthi moja ya pikseli kwa kila picha. Kama programu inasogeza kwa pikseli nzima tu, miti itakaa kimya picha tatu, kisha iruke, ikae tena, iruke. Macho yanaona mtetemeko mdogo kama mtu mwenye kwikwi. Dawa ni kuruhusu programu isogeze kwa sehemu za pikseli, na kulainisha kidogo kingo za tabaka la mbali. Watu wa vioo walikuwa na adui mwingine: vumbi. Punje moja kwenye kioo cha mbele ilionekana, na vioo saba vina pande kumi na nne za kufuta.

Sasa nifike kwenye hoja niliyoiahidi. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na akafariki 1972. Alitumia rangi ya kung'aa ya mafuta, ileile ya kupakia baiskeli, juu ya mbao za kubana za mraba. Chui wake anasimama mbele ya rangi moja iliyotandazwa. Hakuna njia inayosinyaa, mara nyingi hakuna hata mstari wa upeo. Kwa muda mrefu nimesikia watu, wengine wenye elimu ya sanaa, wakisema kwa upole kwamba uchoraji huu "haujui umbali", kana kwamba ni mwanafunzi aliyekosa somo.

Mwaka 2010 ulianza kuoneshwa mfululizo wa katuni za watoto, Tinga Tinga Tales, uliotengenezwa Nairobi kwenye karakana ya Homeboyz kwa mtindo huo wa uchoraji, ukisimulia ngano za wanyama za Kiafrika. Ukiutazama huoni mtindo unaoteseka kuingia kwenye kamera. Wanyama wenye madoa, miti na vilima, kila kimoja ni umbo lililojikamilisha lenye ukingo wazi, kipo tayari kuwekwa tabaka lake. Na hii si bahati. Rudia yale tuliyoyaona: kinachovunja picha ya matabaka ni njia inayosinyaa, kivuli kinachovuka, ardhi inayounganisha karibu na mbali. Ni vile vitu hasa ambavyo mchoro unaofuata kanuni za umbali za Ulaya unajivunia. Mchoro huo umeshaamua mtazamaji amesimama wapi, na hauruhusu asogee. Umbo bapa la Tingatinga halijaamua chochote. Linamwachia mwendo kazi ya kuleta umbali.

Reiniger alijua hilo mwaka 1926 kwa mkasi na karatasi. Vivuli vyake ni bapa kuliko hata chui wa Tingatinga, na bado farasi wake anaruka katika anga lenye kina. Kwa hiyo kijana wa Babati anayejifunza katuni kwenye kompyuta ya kuazima, aliyekulia kwenye michoro ya kuta za saluni na mabango ya maduka, asiambiwe kwamba lazima kwanza ajifunze kuchora barabara inayosinyaa. Ajifunze kukadiria mita, kuchora kilichojificha, na kuuacha mlima utulie.